Hela ya Kaka Kutoka Nje: Inakatwa Kodi Mara Ngapi?

Pale Mkiwa, njia panda ya kwenda Itigi, ukikaa karibu na wakala wa fedha utasikia mtu akilalamika kwamba hela ya mwanawe "imekatwa kule, ikakatwa na huku". Mara nyingi anachokisema ni ada ya kutuma na kutoa, au ile tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021. Hayo ni makato ya muamala. Kodi ya mapato ni kitu kingine, nayo haimfuati mama anayepokea. Zawadi ya mtoto kwa mzazi wake siyo mapato ya mzazi. Kodi inamtafuta aliyefanya kazi.

Sasa hapo ndipo inaweza kutozwa mara mbili kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtoza mkaazi kwa mapato yake ya dunia nzima. Na mkaazi si lazima awe ameishi hapa miezi sita: akiwa na makazi ya kudumu nchini na akafika hata kwa siku chache za likizo ndani ya mwaka, tayari ni mkaazi.

Chukua dereva wa kufikirika mwenye nyumba na familia Mkiwa, anayeajiriwa Afrika Kusini na kuja Krismasi. Mshahara wake ni sawa na shilingi 2,000,000 kwa mwezi, yaani 24,000,000 kwa mwaka. Kwa viwango vyetu vya Julai 2021, kodi ni 428,000 kwa mwezi, 5,136,000 kwa mwaka. Tuseme kule alishakatwa 3,000,000. TRA haimwambii alipe 5,136,000 yote juu ya ile. Inatoa alicholipa nje, anabakiwa na 2,136,000.

Je, kama kule alikatwa 6,000,000? Hapa hadai tena, lakini pia harudishiwi ile 864,000 iliyozidi. Nafuu inaishia kwenye kodi ambayo Tanzania ingetoza kwa mapato hayohayo. Watu wengi hawakioni kikomo hiki.

Nafuu hii ipo ndani ya sheria yetu hata bila mkataba. Mkataba, kama tulionao na Afrika Kusini, unaongeza jambo moja kubwa: nchi zote mbili zikimwita mkaazi wao, unaamua nani ana haki zaidi, kwa kuangalia kwanza makazi ya kudumu, kisha maisha yake yameegemea wapi. Mke na watoto wakiwa Mkiwa, mizani inaelekea huku.

Kinachowaangusha wengi ni karatasi. Risiti ya kutuma hela haithibitishi kodi. Inayotakiwa ni hati ya mwajiri ya mwaka, ambayo Afrika Kusini inaitwa IRP5.

Na wa Oman je? Kule mshahara haukatwi kodi ya mapato mpaka 2028, na hata hapo ni kwa wanaozidi rial 42,000 kwa mwaka. Dada wa kazi za ndani hana kodi ya kule ya kupunguza, kwa hiyo akihesabiwa mkaazi wa huku, anadaiwa yote.