SOMO LA FIZIKIA: MKAZO NDANI YA FIMBO INAYOZUNGUKA

Tazameni feni ya dari inapozunguka. Je, panga lake linavutwa zaidi wapi: nchani, katikati, au shinani penye skrubu? Wengi hujibu nchani, kwa kuwa ncha ndiyo inayokwenda mbio zaidi. Jibu hilo si sahihi. Tuone kwa nini.

Tulichukulie panga kuwa fimbo iliyo sawa kote, yenye urefu L na tungamo M, inayozunguka kwa kasi isiyobadilika ω, huku shina lake likiwa katikati ya mzunguko. Kitu chenye tungamo m kinachozunguka kwa umbali r kutoka katikati huhitaji kani ya mω²r inayokivuta kuelekea katikati. Lakini fimbo haina r moja. Kila sehemu yake ina umbali wake. Basi tuikate kimawazo vipande vidogo sana, kila kimoja kikiwa na urefu dr. Tungamo ya kipande ni (M/L)dr, na kani kinayohitaji ni (M/L)ω²r dr.

Nani anayekivuta kipande hicho? Ni jirani yake wa upande wa ndani. Na jirani huyo havuti kipande kimoja tu. Anavuta na vyote vilivyo nje yake. Kwa hiyo mkazo mahali r ni jumla ya kani za vipande vyote kuanzia r mpaka nchani L. Jumla hiyo ndiyo integrali:

T(r) = ∫ (M/L)ω²r dr, kutoka r hadi L
T(r) = Mω²(L² − r²)/2L

Tuhakikishe. Nchani, r = L, mkazo ni sifuri, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuvutwa. Shinani, r = 0, mkazo ni Mω²L/2, nao ndio mkubwa kuliko wote.

Mfano: M = kilo 0.5, L = mita 0.6, mizunguko 300 kwa dakika, yaani 5 kwa sekunde. ω = 2π × 5 = radiani 31.4 kwa sekunde. Mkazo shinani ni 0.5 × 986 × 0.6 ÷ 2, takriban nyutoni 148. Uzito wa panga lenyewe ni nyutoni 4.9 tu, skrubu zinavutwa mara 30 ya uzito huo!

Katikati ya fimbo wengi huandika nusu, nyutoni 74. Ni kosa. Hapo r = L/2, na mkazo ni robo tatu ya ule wa shinani, nyutoni 111. Kosa jingine ni kujumlisha kutoka 0 hadi r. Utalitambua upesi: litakupa sifuri shinani.

Zoezi: mkazo unakuwa nusu wapi? (Jibu: r = L/√2, takriban mita 0.42 kutoka shinani.)