Mali kauli imenila mtaji

*Shangazi, nanunua samaki mnadani hapa Tanga kwa fedha taslimu, nawapelekea wenye hoteli Pangani kwa mali kauli. Mmoja huchukua wa shilingi 200,000 kila wiki. Hunipa 100,000, siku nyingine 150,000, na sasa deni limefika 1,800,000. Nikidai huniambia, “Dada, kwani nitahama?” Ni mteja wangu wa miaka 4, sitaki kumkosa.*
*Mchuuzi, Sahare*

Mwanangu, kinachokuumiza ni kuchanganya deni la zamani na samaki wa leo. Akikupa 100,000, wewe unaona amelipa, kumbe deni limeongezeka 100,000 nyingine.

Litenganishe. Nenda na daftari siku isiyo ya mzigo, ukae naye faragha, si mbele ya wapishi wake. Pitieni mzigo mmoja mmoja, na mkikubaliana jumla aandike: “Nakiri kudaiwa 1,800,000,” aweke tarehe na saini. Ili asikuone humwamini, mkumbushe kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inaagiza deni liandikwe. Sheria nayo inakupa miaka 6 kudai deni la mkataba, na kukiri huko kwa saini kunaanzisha hesabu upya.

Kisha pangeni. Samaki wapya alipe papo hapo, na kila Jumamosi atoe 150,000 za deni. Baada ya wiki 12 limekwisha. Akisema hawezi, punguzeni kiwango, hata 75,000 kwa wiki 24, ila sharti la samaki wapya usililegeze. Kila risiti iandikwe “deni la zamani” au “mzigo wa leo”. Riba usimwekee, itawagombanisha bure.

Muulize pia nani hasa anatoa fedha. Huenda unamdai meneja kumbe funguo anazo mhasibu. Huyo ndiye wa kumtumia ujumbe kila Ijumaa, kabla siku haijafika: “Assalaam alaykum. Nakumbusha 150,000 za kesho, awamu ya 3 kati ya 12. Salio baada ya hapo 1,350,000.” Ujumbe wenye kiasi na siku haumwachii nafasi ya kujibu “tutaonana”.

Jumamosi ikipita kimya, piga simu Jumatatu. Ya pili ikipita, usipeleke mzigo, na umwambie mapema apate kujipanga. Hapo utamjua. Aliyekwama kweli, labda kundi la wageni halijamlipa, atakutajia tarehe na kukupunguzia chochote. Ukisikia ananunua taslimu kwa mchuuzi mwingine, fedha anazo. Mpelekee barua ya madai ya siku 14, kisha ile karatasi yenye saini ipeleke mahakama ya mwanzo.

Akimaliza, mkopeshe tena ukipenda, lakini mwisho 400,000, yaani mizigo miwili. Wa tatu usitoke Sahare kabla wa kwanza haujalipwa.