Mashine ya milioni 12: kodi inakurudishia lini?

Wiki hii inbox imejaa swali moja: "Nikinunua kifaa cha biashara, si nakitoa chote kwenye faida mwaka huohuo?" Jibu linategemea umenunua nini na unalipa kodi ya aina gani. Twende taratibu.

Ukinunua mzigo wa kuuza, gharama yake inatoka kwenye mauzo pale mzigo unapouzika. Kifaa ni tofauti, kwa sababu unakitumia miaka. Kwa hiyo Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema utoe gharama yake kidogo kidogo, kila mwaka kipande. Hicho kipande ndicho kinaitwa uchakavu. Viwango viko kwenye Jedwali la Tatu la hiyo sheria, na vifaa vimegawanywa kwa makundi.

Sasa chukua milioni 12, hela ileile, kifaa kimenunuliwa mwanzoni mwa mwaka.

Ukinunua meza, makabati na viti vya ofisi, kiwango ni asilimia 12.5. Mwaka wa kwanza unatoa milioni 1.5 tu kwenye faida. Ukinunua kirikuu ya kusambazia oda, iko kundi la magari ya mizigo yasiyofika tani 7 pamoja na kompyuta, asilimia 37.5. Hapo unatoa milioni 4.5. Ukinunua pawatila kwa ajili ya shamba, mashine za kilimo zina asilimia 100. Unatoa milioni 12 zote mwaka huohuo, mchezo umeisha.

Na kuna moja inayotugusa sisi wadogo moja kwa moja: mashine ya EFD, ikinunuliwa na mfanyabiashara ambaye hajasajiliwa VAT, nayo iko kwenye hilo kundi la asilimia 100.

Katikati hapo kuna kiwanda, na hapa ndipo nataka tukae. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, na humu wengi mnauza mafuta ya alizeti kwa dumu kwa wateja wa Dar na Arusha. Siku moja utajiuliza: niendelee kununua kwa mkamuaji, au nifunge mashine yangu?

Tuseme una kampuni, eneo lako ni Kizota, na mashine ya kukamua ni milioni 12. Mashine za uzalishaji kiwango chake cha kawaida ni asilimia 25 ya kinachobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza ungetoa milioni 3, wa pili milioni 2.25, wa tatu kama milioni 1.69, inashuka hivyo hivyo. Lakini sheria inatoa nafuu ya mwanzo: mashine ya uzalishaji iliyofungwa kiwandani unatoa asilimia 50 mwaka wa kwanza. Yaani milioni 6 zinatoka hapo hapo. Milioni 6 zilizobaki zinaingia kwenye asilimia 25 ya kawaida: mwaka wa pili milioni 1.5, wa tatu milioni 1.125, na kuendelea.

Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida. Kwa hiyo bila nafuu, mwaka wa kwanza unaokoa kodi ya 900,000. Ukiwa na nafuu unaokoa 1,800,000.

Hapa watu wengi wanadhani serikali imewapa laki tisa ya bure. Hapana. Jumla ya gharama utakayotoa ni milioni 12 njia zote mbili, na kodi utakayookoa ni milioni 3.6 njia zote mbili. Kilichobadilika ni lini. Ukitoa kingi sasa, utatoa kidogo baadaye, na miaka ya mbele kodi yako itakuwa kubwa kuliko ya mwenzako aliyeenda polepole.

Kama hela haina riba, lini si kitu. Lakini sisi mtaji wetu ni wa mkopo. Mtu anayekopa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, shilingi atakayoipata mwakani ni kama senti 83 za leo, na ya mwaka unaofuata ni kama senti 69. Nikapiga hesabu ya kila kipande cha kodi nikakirudisha kwenye thamani ya leo. Njia ya asilimia 25 tupu, ile milioni 3.6 inakuwa na thamani ya kama milioni 2.4. Njia ya nafuu ya 50, kama milioni 2.8. Ingekuwa asilimia 100, ni milioni 3.6 kamili.

Maana yake mashine ya milioni 12 kiuhalisia inakugharimu milioni 9.6 kwa njia ya polepole, na milioni 9.2 kwa nafuu. Sasa kaa na hesabu ya mashine yenyewe: mafuta, mashudu, umeme, fundi, baada ya kodi, yote kwa thamani ya leo. Ikikuletea milioni 11, nunua kwa njia yoyote. Ikikuletea milioni 8, nafuu haikuokoi, achana nayo. Ni ile inayoleta kama milioni 9.4 ndiyo nafuu inaigeuza kutoka "hapana" kuwa "ndiyo". Kwa hiyo nafuu ya kodi inasukuma uamuzi uliokuwa pembeni. Mradi mbovu unabaki mbovu.

Ila kuna upande wa pili ambao kwa mdogo ni mkubwa kuliko hizo laki nne: ile laki tisa ya ziada inabaki mfukoni mwaka wa kwanza, wakati mashine bado haijachangamka na mkopo unadai. Wachumi wawili, Eric Zwick na James Mahon, walichapisha utafiti wao mwaka 2017 kuhusu Marekani, ambako serikali iliruhusu makampuni kutoa sehemu kubwa zaidi ya gharama mwaka wa kwanza. Waliona makampuni madogo ndiyo yaliyoongeza ununuzi wa vifaa kwa kasi zaidi kuliko makubwa, na kwamba watu waliitikia pale nafuu ilipowapa hela papo hapo, sio ilipoahidi hela ya mbele.

Na hapo ndipo inapoharibika. Nafuu inafanya kazi kama una faida ya kutolea. Kampuni ikipata faida ya milioni 4 kabla ya uchakavu, milioni 6 hazina pa kukaa: kodi ya mwaka huo inakuwa sifuri na milioni 2 zinaenda mbele kama hasara. Unaokoa 1,200,000 tu mwaka huo, sio 1,800,000.

Wengi wetu tuko mbali zaidi na hapo. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida analipa kodi kwa mauzo, sio kwa faida. Ukiwa huko, ununue mashine au usinunue, kodi ni ileile. Uchakavu, nafuu, asilimia 100, havikuhusu, hata ile ya EFD niliyowatajia. Sheria inaruhusu mtu kuchagua kutoka kwenye utaratibu huo na kulipa kwa faida, lakini hapo uwe na hesabu kamili na risiti. Na kwa mtu binafsi asilimia 30 inaanza kwenye faida inayozidi milioni 12 kwa mwaka. Chini ya hapo viwango ni 25, 20, 8, hadi sifuri, kwa hiyo kila shilingi ya uchakavu inaokoa kidogo kuliko ya kampuni.

Neno "iliyofungwa kiwandani" nalo msiliruke. Kirikuu ya kiwanda haipati ile 50, wala meza ya mhasibu wako. Na ukija kuiuza mashine, hela uliyouzia inapunguza salio lililobaki kwenye kundi lake. Ikizidi salio, kilichozidi kinahesabiwa mapato ya mwaka huo na kinatozwa kodi. Aliyetoa nusu mwanzoni salio lake ni dogo, kwa hiyo anafika huko mapema.