Mteja wa Maji ya Kunywa: Gharama ya Kumpata na Faida Anayoiacha

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wale waliofungua biashara ya kupeleka maji ya kunywa majumbani kwa malipo ya mwezi, katika chupa kubwa za lita 20, huko pembezoni mwa Dar es Salaam, Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, ambao aghalabu huona wateja wakiongezeka daftarini na fedha zikipungua mkobani wasijue sababu.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za mfano tu. Tajiri mmoja aliajiri vijana wapite nyumba kwa nyumba, akawalipa shilingi 520,000. Gari la matangazo likala 200,000. Kila aliyejiandikisha akapewa pampu ya mkono ya shilingi 8,000 pamoja na chupa ya kwanza ya maji bure, ambayo yeye humgharimu 2,800. Wakajiandikisha watu 100, na jumla ya matumizi ikafika 1,800,000. Akagawanya kwa 100, akapata shilingi 18,000 kwa kila mteja, akafurahi. Lakini 40 kati yao walikunywa ile ya bure wasiagize tena, na maadamu hao hawakununua hata tone, hawastahili kuitwa wateja. Gharama yote yawaangukia wale 60 waliobaki, nayo ni shilingi 30,000 kwa kila mmoja.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kuhesabu mauzo mahali pa faida. Mteja wake huchukua chupa nne kwa mwezi, kila moja shilingi 4,000, na kwa wastani hudumu miezi kumi. Tajiri akazidisha, akapata 160,000, takriban mara tisa ya zile 18,000. Lau angaliondoa kwanza gharama ya maji na kifuniko, mafuta ya guta na ujira wa mwendeshaji, makato ya malipo ya simu na uchakavu wa chupa, yaani zile 2,800, angaliona kwamba kila chupa humwachia 1,200 tu, mwezi mzima 4,800, na miezi kumi 48,000.

Hata hizo si zake zote. Mteja huweka amana ya shilingi 10,000, ilhali chupa tupu hununuliwa kwa 16,000. Na amana, kama jina lake lisemavyo, ni deni, si pato. Ikiwa nusu ya wanaoondoka hawarudishi chupa, kila mteja hubeba hasara ya 3,000. Zabaki 45,000, ambazo ni mara moja na nusu ya gharama ya kumpata, wala si mara tisa.

Ile miezi kumi nayo yataka tafsili. Mwanzo wa kila mwezi huhesabiwa wateja waliopo, na mwisho wake walioacha; akiacha mmoja katika kila kumi, moja hugawanywa kwa sehemu hiyo ya kumi, na jawabu ni kumi. Hesabu hii husadikika pale tu ambapo kasi ya kuacha haibadiliki, nayo mjini kwetu hubadilika sana. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA ikaanza kutoa maji kwa mgao, kumpata mteja hakukuhitaji gari la matangazo. Watu walitafuta wauzaji wenyewe. Mteja wa namna hiyo mvua ikinyesha humwambia mwendesha guta mlangoni, kwa adabu kabisa, “Baba, bomba limerudi, tutaitana,” na haiti. Wakiacha robo yao kila mwezi, wastani wa kukaa kwao ni miezi minne, nao huacha 19,200, au 16,200 baada ya hasara ya chupa. Hata kama kila mmoja alipatikana kwa 15,000, kilichobaki ni 1,200, faida ya chupa moja. Ndiyo sababu tunasisitiza kwamba walioingia mwezi mmoja waandikwe ukurasa wao peke yao. Ukiwachanganya wa kiangazi na wa masika, wastani utakudanganya pande zote mbili.

Kanuni isemayo kwamba faida iwe walau mara tatu ya gharama ilienezwa na wawekezaji wa makampuni ya programu za kompyuta, ambao rasilmali yao huweza kungoja. Kwa mwenye guta mbili twaona swali la kufaa zaidi ni hili: fedha yangu itarudi baada ya miezi mingapi? Gawanya 30,000 kwa 4,800, utapata miezi sita na wiki moja. Na wenye nyumba wengi wa Mbagala na Tegeta hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hivyo mpangaji aliyejiandikisha alipohamia, akihama kodi yake ikiisha, huondoka wiki moja kabla gharama ya kumpata haijarudi.