Jumatatu Kaya 41, Jumanne Kaya 79: Vidokezo vya Dashibodi ya Utafiti

Wadadisi wanajaza dodoso kwenye KoboCollect, simu zinatuma fomu kwenye seva ya KoboToolbox, na usiku skripti ya R inazichota kupitia GitHub Actions na kuchapisha ukurasa mpya bila mtu kugusa kitu. Raha yake ni hiyo, na hatari yake ni hiyo hiyo: kitu kikiharibika, ukurasa haupigi kelele. Haya ndiyo ninayoyakagua kabla ya kuikabidhi asasi kiungo.

1. Hesabu kwa siku ya mahojiano, si siku fomu ilipofika.

Tuseme una wadadisi sita, kila mmoja kaya 10 kwa siku. Jumatatu usiku dashibodi inaonyesha 41, na mratibu ameshaanza kufoka. Kumbe wawili wamelala kijiji kisicho na mtandao, mmoja ana fomu 10 na mwenzake 9, zote zimekamilika na zimetulia kwenye "Ready to send". Jumanne wanapita barabarani, simu zinapata mtandao, fomu zinaondoka pamoja na za siku hiyo. Dashibodi sasa inasema Jumanne kaya 79, na mkurugenzi anauliza ni nani hao waliokimbia hivyo.

Tatizo ni kwamba grafu ilipangwa kwa `_submission_time`, muda ambao seva ilipokea fomu. Weka `today` kwenye dodoso tangu mwanzo, kisha panga grafu kwa safu hiyo: Jumatatu itajirekebisha yenyewe kuwa 60, na Jumanne 60. Usiitupe `_submission_time`, kwani tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo inayokuonyesha nani anakaa na fomu mfukoni. Mara nyingi dawa yake ni bando tu, wala si barua ya onyo.

Angalizo moja: `today` inatoka kwenye saa ya simu. Ukiona mahojiano ya kesho yamefika leo, kuna simu yenye tarehe mbovu. Irekebishe kabla mdadisi hajaondoka kambini.

2. Toa tatu.

Ratiba ya GitHub Actions huenda kwa UTC, ambayo iko saa tatu nyuma yetu. Ukitaka data zichotwe saa mbili na dakika 23 usiku, andika hivi:

```yaml
on:
  schedule:
    - cron: "23 17 * * *"
```

Mbona dakika 23? Kwa sababu watu wengi hupanga kazi zao saa kamili, foleni hurefuka, na yako inaweza kuchelewa. Kumbuka pia kuwa `_submission_time` ya Kobo nayo ni UTC. Sisi tunaosema saa mbili huku simu ikisema 20:00 tumeshazoea hesabu za namna hii.

3. Data zikiwa pungufu, usichapishe.

Kobo haikupi fomu zote kwa mkupuo utafiti ukiwa mkubwa. Inakupa ukurasa mmoja, pamoja na kiungo cha `next` na jumla yote kwenye `count`. Skripti isiyofuata `next` itafanya kazi vizuri wiki ya kwanza, kisha idadi itaganda, na kila mtu atadhani wadadisi wamechoka. Linganisha ulichopata na jumla:

```r
stopifnot(nrow(data) == jumla)
```

Zisipolingana, kazi inakatika hapo na ukurasa wa jana unabaki. Afadhali namba ya jana iliyo kamili.

4. Futa majina na GPS kabla ya kuchora, si baada.

Hapa ndipo watu wazima huteleza. Ramani ya Leaflet inaonyesha vidoti tu, lakini viratibu vya kila kaya vimo ndani ya HTML, na yeyote akifungua chanzo cha ukurasa atavisoma. Jedwali ambalo umeficha safu yake ya simu nalo ni vivyo hivyo. Jumlisha kwa kijiji kwanza, kisha mpe mchoraji jedwali hilo tu. Na kijiji chenye kaya mbili au tatu, kiunganishe na jirani yake. Huko kila mtu anamjua mwenye nyumba. Tokeni ya Kobo ikae kwenye Secrets, isiandikwe kamwe ndani ya skripti.

5. Andika tarehe juu kabisa.

Hazina ya wazi ya GitHub ikikaa siku 60 bila shughuli, ratiba yake huzimwa. Ukurasa utabaki hewani ukiwa na grafu nzuri za miezi iliyopita. Kwa hiyo weka mistari miwili kwa herufi kubwa: fomu ya mwisho ilipokewa lini, na skripti iliendeshwa lini. Wa kwanza ukizeeka peke yake, piga simu kwa wadadisi. Ikizeeka yote miwili, mwenye kazi ni wewe.

Kama dashibodi yako haina mistari hiyo, iongeze leo, kabla hujabadilisha rangi ya grafu.