Dondoo muhimu: Baruapepe kwa mfanyakazi anayechelewa

Usiandike “unachelewa kila mara”, atakanusha kirahisi. Nakili daftari la mahudhurio: “Tarehe 3, 5 na 10 Machi uliingia saa 2:25, 2:40 na 2:35 asubuhi, ilhali kazi huanza saa 2:00.” Muulize sababu, maana huenda anauguza mtu nyumbani, na mpe siku ya kujibu. Kisha taja unachotarajia na tarehe ya kupitia mahudhurio yake upya, tuseme baada ya wiki 4.

Usitishie kumfukuza. Nchini Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amsikilize kwanza mfanyakazi, akiwa na mwenzake aliyemchagua. Andika tu: “Hali ikiendelea, utaitwa kwenye kikao cha nidhamu.”