Picha, Herufi na Mwelekeo wa Mstari

Mwanafunzi akiuliza kwa nini msahafu husomwa kutoka kulia, tusimjibu kwamba "ndiyo desturi." Swali lake lina jibu, nalo laanzia katika picha.

Tuchore ubaoni duara lenye miali. Darasa litasema "jua." Asiyejua Kiswahili naye atalitambua, kwa maana picha huonyesha kitu, wala si sauti. Lakini tukitaka kuandika "Juma hajui," picha yatushinda. Njia ya kwanza ni kuliazima duara kwa sauti yake: jua la angani lisimame badala ya kujua. Wamisri wa kale walifanya hivyo. Walichanganya alama za vitu na alama za sauti, hata wakahitaji mamia ya alama.

Njia ya pili yaonekana katika machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, huko Sinai, zaidi ya miaka 3500 iliyopita. Hapo wasemaji wa lugha ya Kisemiti walichora kitu, wakasoma sauti ya kwanza tu ya jina lake. Mawimbi ya maji, yaliyoitwa "mem," yakawa m. Kichwa cha ng'ombe kikawa sauti ya kwanza ya "alef." Kwa njia hiyo alama zisizozidi 30 zikatosha. Tuigeuze A juu chini: pembe zitaonekana.

Sasa mwelekeo. Wamisri waliandika pande zote mbili, ila mara nyingi kutoka kulia. Wanyama waliochorwa huelekea mwanzo wa mstari, na ndivyo msomaji ajuavyo pa kuanzia. Wafoinike walishika upande wa kulia, na kutoka kwao, kwa kupitia Kiaramu, Waarabu wakarithi. Wayunani nao walipozipokea herufi hizo walianza kulia. Baadaye wakawa wakienda na kurudi, kama ng'ombe alimaye, kisha wakatulia upande wa kushoto. Mstari ulipogeuka, herufi nazo ziligeuka: mikono ya E, iliyoelekea kushoto, ikaelekea kulia.

Husemwa kwamba kulia kulichaguliwa na wachonga mawe, kwa kuwa nyundo hushikwa mkono wa kulia. Hoja hiyo haitoshi, kwani Wayunani pia walichonga mawe. Sababu iliyo dhahiri ni urithi: kila taifa lilishika mwelekeo wa waliolifundisha, mpaka lilipoamua kuubadili.

Kwa zoezi, wanafunzi waandike EKA kutoka kulia, wakizigeuza E na K, na waone kwamba A haibadiliki. Zoezi hili tusiwape wanaoanza kusoma. Hao bado huchanganya b na d, nasi tutawazidishia tatizo.